Sura ya 5: Mota, Balbu na Kivuli cha Kidole

Tarehe 25 Aprili 1954, maabara ya kampuni ya simu ya Bell, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey, iliwaita waandishi wa habari waje kuona kitu kipya. Watafiti 3, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walikuwa wametengeneza seli za silikoni zilizogeuza kama asilimia 6 ya mwanga uliozipiga kuwa umeme. Kampuni hiyo ingeweza kuwaonyesha wageni majedwali na hesabu. Badala yake iliweka mezani gurudumu la bembea la kuchezea, mfano wa yale ya viwanja vya michezo, likawa linazungushwa na mwanga peke yake. Wageni wakaelewa.

Somo ninalolieleza katika sura hii ni lile lile la Murray Hill, isipokuwa vifaa vyake leo vinapatikana kwa fundi redio wa mtaa wowote. Kinachohitajika ni paneli ndogo ya sola, mota ndogo, kitaa cha LED, waya na pangaboi la karatasi. Hata hivyo, mara nyingi somo hili hufanyika vibaya. Mwalimu huweka paneli juu ya meza ndani ya darasa, anaunganisha mota, na mota haizunguki. Anaigeuza paneli, anakaza waya, anawasha taa ya darasani, na bado hakuna kitu. Wanafunzi wanarudi nyumbani wakiamini kwamba sola ni kitu kinachofanya kazi kikipenda.

Paneli haina kosa. Macho yetu ndiyo yanayodanganya, kwa sababu yanajirekebisha haraka mno. Ukitoka juani ukaingia darasani, baada ya muda mfupi unaona chumba kina mwanga wa kutosha kusoma na kuandika. Kumbe mwanga unaofika mezani mbali na dirisha unaweza kuwa mdogo kuliko wa nje mara 100 au zaidi. Jicho halikwambii hivyo, lakini mota itakwambia.

Kwa hiyo kabla ya yote, mwalimu ajaribu vifaa vyake siku moja kabla ya somo, akiwa na mita ya umeme ya kawaida. Tuchukue paneli inayouzwa sana, ile iliyoandikwa volti 6, wati 1, yenye ukubwa wa kama sentimita 11 kwa 6. Ukiitazama kwa karibu utaona imegawanyika katika vipande vyembamba, kwa kawaida 12, vilivyopangwa sambamba. Kila kipande ni seli moja inayotoa karibu nusu volti, na zote zimeunganishwa kwa mfuatano ili volti zijumlishwe.

Hapa kuna mtego. Ukiipima volti paneli hii ndani ya chumba, bila kuunganisha kitu, mita inaweza kuonyesha volti 4 au 5, na mwalimu akajua mambo ni shwari. Volti hupungua polepole sana mwanga unapopungua. Kinachoporomoka ni mkondo, yaani miliampea, na mkondo huenda sambamba na mwanga: mwanga ukiwa nusu, nao huwa nusu. Weka mita kwenye kipimo cha ampea na uguse ncha 2 za paneli moja kwa moja. Juani saa 6 mchana utaona kama miliampea 170 au 180. Ndani ya darasa utaona chache tu, pengine zisizofika 5. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pangaboi litazunguka. Nitoe onyo hapa: kupima ampea kwa kugusa ncha moja kwa moja ni salama kwa paneli ndogo kama hii, kwa sababu haiwezi kutoa mkondo zaidi ya uwezo wake. Usijaribu hivyo kwenye betri ya gari wala kwenye soketi ya ukutani.

Sasa mota. Nyingi zinazouzwa na vifaa vya kuchezea, zile za magari ya watoto yanayotumia betri, hazifai sana. Zimetengenezwa kwa betri zinazoweza kumwaga mkondo mkubwa kwa ghafla. Mota ikiwa imesimama inataka mkondo mwingi ili ianze, mwingi kuliko inaoutumia ikishachanganya. Betri inaipa, paneli ndogo haina. Matokeo yake unaona mota inashtuka, inatetemeka kidogo, kisha inatulia. Ukiisukuma kwa kidole huenda ikakubali kuendelea, na hiyo ndiyo dalili kwamba tatizo ni la kuanza. Kuna waalimu wanaojenga mazoea ya kuisukuma kila mara. Mimi siyapendi, kwa sababu mwanafunzi anayeona mwalimu ameisukuma mota ana haki ya kusema ni mwalimu aliyeizungusha.

Mota nzuri iko ndani ya deki iliyokufa. Mwombe fundi akutolee ile inayozungusha diski, na uhakikishe ina waya 2 tu, maana zenye waya nyingi zinahitaji sakiti ya kuziendesha. Mota hizi ni laini. Ikizunguka tupu mara nyingi hutumia mkondo wa chini ya miliampea 30. Paneli yetu inaimudu hata asubuhi ya saa 2. Pangaboi likatwe kwenye karatasi nyepesi ya daftari, la upana wa kama sentimita 8, na mabawa 2 kati ya 4 yapakwe rangi nyekundu ili mwendo wa polepole uonekane hata kwa aliyekaa nyuma.

Kitaa cha LED nacho kina masharti yake. Kinatosheka na mkondo mdogo, miliampea 5 mpaka 15, lakini hakiwaki kabisa mpaka kipate volti za kutosha: karibu 2 kwa chekundu, karibu 3 kwa cheupe. Ukikiunga moja kwa moja kwenye paneli ya volti 6 juani, mkondo utapita kiasi na kitaungua. Kwa hiyo katikati huwekwa kikinza, kile mafundi wanachokiita rizista, cha omu 330. Tumia LED nyekundu, na ukumbuke mguu mrefu ni wa chanya. Balbu ya tochi ya zamani yenye uzi ndani, iliyoandikwa volti 2.5 na ampea 0.3, iweke akiba. Itakuwa na kazi yake baadaye, ya kushindwa.

Mahali pa kufanyia somo ni barazani. Paneli iwe juani, juu ya kibao, na waya wa mita 3 uulete umeme kivulini walipo wanafunzi, mota, na LED. Hii si kwa ajili ya starehe tu. LED ikiwashwa juani haionekani kama imewaka, na nusu ya somo itaishia kwenye ubishi. Hata kivulini, ifunike kwa karatasi nyeusi iliyoviringishwa kama bomba, watoto wachungulie kwa zamu. Saa 4 asubuhi ni wakati mzuri, jua limeshapanda na upepo wa mchana haujaanza kulichezea pangaboi.

Anza na paneli ikiwa imelazwa kifudifudi. Unganisha mota. Pangaboi limetulia. Waulize wanafunzi nini kitatokea ukiigeuza paneli, na waandike majibu yao kwanza kabla hujaigusa. Kisha igeuze bila kuongea. Pangaboi litachomoka, na barazani patakuwa na kelele. Ziache ziishe zenyewe.

Baada ya hapo badilisha waya, wa chanya uende kwa hasi na wa hasi kwa chanya. Pangaboi litazunguka upande wa pili, na hewa iliyokuwa inakuja usoni sasa itaelekea ukutani. Fanya vivyo hivyo kwa LED, nayo itagoma kuwaka. Kutokana na majaribio haya mawili mtoto anaona kwamba umeme wa paneli una njia moja ya kupita, na kwamba mota inakubali njia zote mbili, LED inakubali moja.

Sasa tunafika kwenye jaribio ninaloliona bora kuliko yote, na halihitaji kifaa zaidi ya kidole. Mwite mwanafunzi mmoja akalaze kidole chake juu ya paneli, sambamba na vile vipande vyembamba, hadi kifunike kipande kimoja kizima. Pangaboi linasimama, au linajikokota tu. Vipande 11 bado vinapigwa na jua kali, lakini kazi imekwama. Kisha mwambie akizungushe kidole kile kile robo mduara, kikate vipande vyote kwa upana. Pangaboi linazunguka tena, pengine kwa kasi iliyopungua kidogo tu.

Kidole ni kile kile na kivuli kina ukubwa ule ule. Tofauti inatokana na jinsi seli zilivyopangwa. Seli zilizo katika mfuatano ni kama vibarua wanaopokezana matofali kwenye mstari: mmoja akikunja mikono, wote wanasimama hata kama wana nguvu. Kidole kilipolala juu ya kipande kimoja, seli moja ilinyimwa mwanga wote na mkondo wa mstari mzima ukazibwa. Kilipokata vyote, kila seli ilipoteza sehemu ndogo tu ya mwanga wake, na mkondo ukapungua kwa kiasi hicho. Mwanafunzi atakayelielewa jambo hili ataelewa pia kwa nini fundi wa sola hukataa kufunga paneli mahali ambapo kivuli cha nguzo au tawi la mwembe kitapita juu yake, hata kama kivuli chenyewe ni chembamba. Paneli kubwa za nyumbani huwekewa diodi nyuma ili mkondo uruke sehemu iliyozibwa. Hii yetu ndogo haina, ndiyo maana inafundisha vizuri.

Kinachofuata ni mwelekeo wa jua. Simamisha kifuniko cha kalamu juu ya kibao cha paneli, wima kabisa. Inamisha kibao mpaka kivuli cha kifuniko kitoweke chini yake. Hapo paneli inatazamana na jua uso kwa uso. Soma miliampea. Kisha igeuze pembeni polepole. Ikifika nyuzi 60 kutoka kwenye jua, mkondo utakuwa umeshuka hadi karibu nusu, kwa kuwa paneli sasa inakinga nusu tu ya miale iliyokuwa inakinga mwanzo. Ni vizuri wanafunzi wakichora wenyewe miale hiyo kwa rula daftarini, mistari sambamba yenye nafasi sawa, na wahesabu mingapi inagusa paneli iliyonyooka na mingapi inagusa iliyoinama.

Karibu kila darasa hufika mahali ambapo mtoto mmoja anasema, "Mwalimu, ni joto la jua linalozungusha mota." Asikemewe. Ni dhana ya busara: jua lina joto, na paneli yenyewe ukiigusa imepata moto. Jibu lipatikane kwa jaribio. Leta chupa ya maji ya moto, iweke karibu na paneli iliyo kivulini, hata iiegemee. Pangaboi halitikisiki. Halafu fanya kinyume chake. Pima volti za paneli ambayo ndiyo kwanza imetolewa kivulini ikiwa baridi, mara tu inapoguswa na jua, bila mota kuunganishwa. Iache juani dakika 15, pima tena. Volti zitakuwa zimepungua. Kila seli ya silikoni hupoteza karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hivyo paneli ya seli 12 iliyopanda kutoka nyuzi 25 hadi 55 hupoteza karibu volti 0.7. Kama ilianza na volti 7, sasa ina 6.3. Joto halisaidii, linapunguza. Hapo ndipo mwalimu anaweza kueleza, kwa maneno machache, kwamba mwanga unapoingia kwenye silikoni hung'oa elektroni kutoka mahali pake, na seli imetengenezwa kwa tabaka 2 zisizofanana ili elektroni hizo zisukumwe upande mmoja, zirudi kwa kupitia waya. Ndani ya mota zinapita kwenye koili ya shaba iliyo katikati ya sumaku, koili inakuwa sumaku nayo, na sumaku 2 zinasukumana. Kwa darasa la tano hayo yanatosha.

Jaribio linalofuata ndilo linalowachanganya hata watu wazima, kwa hiyo lipewe muda. Unganisha mota na LED kwa pamoja kwenye paneli, kila kimoja kwa waya zake. Vyote vinafanya kazi. Sasa inamisha paneli mpaka ule mkondo uliopima kwa mita uwe kama theluthi ya mwanzo, karibu miliampea 60. Mota bado inazunguka, LED bado inawaka. Ishike mota kwa kidole kwenye kijiti chake cha chuma, ukiizuia taratibu isizunguke. LED inazimika. Achia, mota inachanganya, na LED inawaka tena.

Wengi watadhani mota imeiba umeme wa LED ilipokuwa inazunguka, kumbe ni kinyume. Mota inayozunguka hutengeneza volti zake za kupingana na zinazoingia, kwa hiyo inajibana na kuchukua mkondo mdogo. Ikizuiliwa, upinzani huo unapotea, inabaki kuwa waya wa shaba uliokunjwa tu, na mkondo wote unapita humo. Volti za paneli zinaanguka hadi chini ya zile 2 ambazo LED nyekundu inazihitaji. Kama unafanya jaribio hili paneli ikitazama jua kali moja kwa moja, LED inaweza kufifia tu bila kuzimika, kwa sababu mkondo ni mwingi. Ndiyo maana nimesema iinamishe kwanza.

Wingu zito likipita wakati wa somo, usikasirike. Pangaboi litasimama na LED nayo itazimika, na watoto watasema mwanga umekwisha. Chomoa mota. LED itawaka. Mwanga haukuisha; ulikuwa hautoshi kuanzisha mota, na mota iliyosimama ilikuwa inaumeza umeme mdogo uliokuwapo. Wingu likishapita, toa sasa ile balbu ya tochi ya zamani. Iunganishe peke yake, juani. Haitawaka, au uzi wake utakuwa mwekundu kwa mbali ukichungulia kwenye bomba la karatasi. Inataka miliampea 300, paneli inatoa 180. LED iliyo pembeni inatumia chini ya sehemu ya kumi ya hizo na inang'aa. Kabla ya LED kuwa rahisi, taa ya sola ya kusomea usiku ilihitaji paneli kubwa na betri nzito. Ukiangalia vifaa hivi viwili mezani unaona kwa nini leo inaingia mfukoni.

Kwa kumalizia somo, rudisha kila kitu ndani ya darasa, mahali pale pale ambapo mota ingegoma. Iegemeze paneli ukutani, chini, usawa wa magoti, na iunganishe na pangaboi. Halizunguki. Mpe mwanafunzi mmoja kioo cha kujitazama, asimame nje juani akielekeze mlangoni hadi doa la mwanga liangukie paneli. Pangaboi litazunguka ndani ya chumba chenye kivuli. Wanafunzi wengine wakae ubavuni, kamwe si kati ya kioo na paneli, na mwenye kioo aambiwe mapema kwamba atakayemulika mwenzake usoni atanyang'anywa kioo. Hilo si suala la adabu tu; jua linalotoka kwenye kioo linaweza kuumiza jicho sawa na jua lenyewe.

Kama una mahali pa kukiegemeza kioo kisitikisike, kiache hapo na uweke alama ya chaki pembeni mwa doa la mwanga. Kioo kikiwa umbali wa mita 5, doa litasogea kama sentimita 2 kila dakika, kwa sababu dunia inajizungusha na jua linaonekana kuhama. Baada ya dakika kadhaa doa litakuwa limeiacha paneli, na pangaboi litasimama bila mtu kugusa kitu.

Jioni, kabla ya kufunga kabati, futa paneli kwa kitambaa chenye maji, kisha kikavu. Usitumie mchanga wala steliwaya: plastiki iliyo juu yake ikikwaruzwa haiponi. Vifaa hivi vikitunzwa vitatumika miaka mingi. Kitakachochakaa kwanza ni pangaboi la karatasi, na hilo watoto wenyewe watalikata jipya.